Sifa moja kwa kila kijana: unawatambulishaje wanagenzi siku ya kuwaaga?

*"Nasimamia vijana saba wa mafunzo kwa vitendo katika masjala. Wanamaliza miezi yao mitatu, na mkuu wangu ameniagiza niwatambulishe mmoja mmoja mbele ya wafanyakazi wote, nikitaja sifa moja ya kila mmoja. Nimeandika: mchapakazi, mwepesi kujifunza, mcheshi, mwadilifu, ana ushirikiano. Baada ya hapo nimeishiwa. Binti mmoja ni mkimya mno, sioni la kusema zaidi ya 'mpole'. Kijana mwingine amechelewa karibu kila wiki na tumegombana mara mbili. Na mmoja ni hodari kuliko wote, naogopa wenzake wataonekana si kitu. Sitaki kudanganya wala kumwaibisha mtu. Nifanyeje?"*

Kilichokuishia si sifa za vijana, ni majina ya sifa. Majina hayo tunayotumia ofisini ni machache, pengine kumi au kumi na matano, na ukianza kuyagawa kwa watu saba lazima ufike ukingoni au uanze kujirudia. Lakini matendo hayaishi. Miezi mitatu ni kama siku 60 za kazi, na katika siku hizo kila mmoja wao amefungua majalada, ameandika kwenye rejista, amejibu watu kaunta, amekosea, amesahihisha. Ndiyo maana nakuomba uifute orodha yako yote, hata maneno matano uliyoyapenda. Ulijiuliza "huyu yukoje?" na swali hilo huzaa kivumishi. Jiulize "huyu alifanya nini?" na utaona mambo yanaanza kukujia.

Kivumishi kina hatari ambayo msemaji haioni. Mwaka 1948 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la kupima haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa ni yake peke yake. Aliwataka wayape alama kutoka 0 hadi 5 kulingana na yalivyowafaa. Wastani ulipita 4. Ndipo akawaonyesha kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye sentensi ambazo nyingi alizichota katika kitabu cha unajimu. Kila mmoja alikuwa amejiona ndani ya maneno yasiyomhusu mtu yeyote.

Sasa rudi ukumbini kwako. Ukimwambia kijana faraghani kwamba ni mchapakazi na ana ushirikiano, atafurahi, nawe utadhani umepatia. Ila siku hiyo hutakuwa faraghani. Kila mmoja atasikia yake na za wenzake sita, na hapo maneno ya jumla huvuka jukwaa kama nguo ya kuazima. Yule wa tano akiitwa "mwadilifu" kila mtu atajiuliza kama wale wanne wa mwanzo ni wezi. Kabla ya siku yenyewe fanya jaribio dogo: andika sentensi zako saba bila majina, mpe mwenzako aliyefanya kazi na vijana hao, mwambie aweke majina. Sentensi atakayoshindwa kuipa mwenyewe, au atakayoipa watu wawili, bado haijaiva.

Sentensi iliyoiva huwa na vitu vitatu ndani yake, wala si lazima iwe ndefu. Kuna mahali au wakati, kuna tendo ambalo mtu mwingine angeweza kuliona kwa macho, na kuna kilichobadilika kwa sababu ya tendo hilo. Ukisema "ni makini", hicho ni kimoja tu tena hakionekani. Ukisema kwamba wiki ya kuhamisha majalada ya zamani alisimama na kuhesabu upya kila boksi kabla halijafungwa, na kwamba ndiyo sababu hakuna boksi lililorudishwa, hujatamka neno "makini" popote na kila aliyeketi ukumbini amelielewa. Waachie wasikilizaji walitamke wenyewe moyoni. Wewe siku hiyo u shahidi, na shahidi husema alichokiona.

Utayapata wapi matendo hayo? Usitegemee kumbukumbu yako. Kumbukumbu ya msimamizi hupendelea wiki mbili za mwisho, hupendelea waliokaa karibu na meza yake, na hupendelea ugomvi. Anza na maandishi: daftari la kazi la kila siku ambalo vijana wa mafunzo hulijaza, rejista ya barua zinazoingia, kadi za kuonyesha jalada liko kwa nani. Masjala ina bahati ambayo ofisi nyingi hazina, kwa kuwa karibu kila kazi huacha mwandiko wa mtu. Tenga saa moja, fungua kurasa za kila mmoja, tafuta mwandiko wake na uone alichofanya pale mambo yalipokuwa hayaeleweki.

Halafu waulize watu waliofanya nao kazi bega kwa bega. Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Ukimwuliza mhudumu wa kaunta, "Yule kijana anaendeleaje?" atakujibu "Vizuri tu," nawe utabaki ulipokuwa. Mwulize hivi: "Nitajie jambo moja alilofanya ambalo ungependa kijana atakayekuja baada yake alifanye pia." Watu husita kidogo, kisha hukupa tukio zima. Mwisho waulize vijana wenyewe, mmoja mmoja, dakika kumi zinatosha: "Katika kazi ulizofanya hapa, ipi ungependa watu waijue?" Utashangaa jinsi walivyo wagumu kujisifu na wepesi kueleza kazi.

Kwa nini nasisitiza macho ya wengine? Mwaka 1920 Edward Thorndike aliandika juu ya kosa aliloliona katika alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao. Waliombwa wapime akili, umbo la mwili, uongozi na tabia, kila kitu peke yake. Alama hizo zilifuatana mno kuliko inavyowezekana: aliyependwa kwa moja alipewa juu kwenye yote, aliyechukiza kwa moja alishuka kwenye yote. Hakuna anayesema walidanganya. Jicho likishapata picha moja ya mtu, hupaka rangi hiyo kila mahali. Wewe umegombana na kijana mara mbili, kwa hiyo macho yako kwake yamekwisha kupakwa. Na kwa yule hodari yamepakwa vilevile, kwa rangi tofauti.

Nikueleze la kwangu, maana lilinifundisha zaidi ya hayo ya vitabuni. Mwaka mmoja nilikuwa na vijana sita, na mmoja wao alikuwa wa aina ya huyo wako. Alichelewa, na kazi ya kupanga majalada aliichukia waziwazi. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimemwandikia "mchangamfu", neno ambalo ofisini kila mtu anajua maana yake: msimamizi hakuona kingine. Siku mbili kabla ya kuwaaga nilipita kaunta nikamwuliza mama mmoja aliyekaa pale miaka mingi lile swali la jambo moja. Hakufikiri hata kidogo. "Huyo ndiye tunayemwita, mzee yeyote akija na karatasi asiyoielewa."

Nikamwomba anipe mfano. Akaniambia kuna mzee aliyekuwa amekuja mara tatu kwa ajili ya nakala ya nyaraka zake, na mara zote tatu alirudishwa kwa sababu kiambatisho kimoja kilikosekana, kila safari kingine. Siku ya tatu yule kijana alitoka nyuma ya kaunta, akaenda kukaa naye kwenye benchi, akamsomea fomu mstari kwa mstari, kisha akamwandikia kwenye kipande cha karatasi vitu vitatu vya kuleta. Kesho yake mzee alirudi navyo vyote akahudumiwa. Kijana akakiandika upya kile kipande kwa herufi kubwa, wale wa kaunta wakakibandika dirishani. Nilikuwa nikipita mbele ya dirisha hilo kila siku, nikidhani tangazo lile limeandikwa na mmoja wa wafanyakazi.

Siku ya kuwaaga nilisema hivi: "Kijana huyu akiona mtu amerudishwa kwa sababu ya karatasi, hamwachi aende kubahatisha. Alikaa benchini na mzee mmoja wakaisoma fomu pamoja, na orodha aliyomwandikia ndiyo ile mnayoiona kwenye dirisha la kaunta. Watu wanaokuja siku hizi wanakuja na viambatisho vyote mkononi." Basi. Hapakuwa na neno la uongo, na saa zake za kufika hazikutajwa. Hazikutajwa kwa kuwa zilikuwa zimeshatajwa mahali pake: kwenye fomu ya tathmini nilimpa alama ya chini katika kuwahi kazini, tulikaa tukaijadili, akaisaini kabla ya siku ya sherehe. Hakuja ukumbini akiwa na hofu ya kuumbuliwa wala akiwa na matumaini kwamba nimesahau.

Kwa kijana wako fanya vivyo hivyo. Tafuta sehemu ya kazi ambako wewe hukuwapo. Na ukishaipata sentensi yake, kagua kama ina "lakini", "ingawa", "pamoja na changamoto zake" au "amebadilika sana". Maneno hayo manne ni milango. Ukiufungua mmoja, ukumbi mzima unachungulia ndani kuona kilichofichwa. "Amebadilika sana" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linasikika kama pongezi huku likiwaambia watu kwamba zamani alikuwa na kasoro. Utani nao uache, hata kama mnataniana naye kila siku. "Leo amewahi!" itachekesha kwa nukta tatu, naye ataibeba miaka.

Na kama utachimba na kuambulia kidogo? Sema kidogo. Kama alichofanya vizuri ni kwamba kila jalada alilolitoa rafuni alilirudisha na kadi yake ikiwa imejazwa, hilo ni jambo la kweli, na wanaofanya kazi masjala wanajua jalada lililorudishwa bila kadi linavyoweza kula siku nzima ya mtu. Usilipulizie likawa "nguzo ya idara". Sifa ndogo inaaminika ikibaki na ukubwa wake. Ninachokukataza ni kumbunia.

Tuje kwa binti mkimya. "Mpole" si sifa ya kazi. Inatuambia kwamba hakumsumbua mtu, na samani nazo hazimsumbui mtu. Isitoshe, wasichana hupewa maneno ya namna hiyo mara nyingi kuliko wavulana, hata na watu wasio na nia mbaya. Mwaka 2003 watafiti wawili, Frances Trix na Carolyn Psenka, walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kupendekeza watu kwa nafasi katika chuo kikubwa cha udaktari Marekani. Barua za wanawake zilielekea kuwa fupi zaidi, zilisifu zaidi jasho na bidii, na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Za wanaume zilizungumzia zaidi utafiti na uwezo. Ukishamaliza kuandika, weka sentensi za wavulana upande mmoja na za wasichana upande mwingine, uzisome. Kama upande mmoja wanaamua, wanagundua na wanatengeneza, na upande mwingine wanasaidia, wanatabasamu na wanavumilia, rudi kwenye rejista.

Kwa mkimya, rejista ndiyo kinywa chake. Fungua ile ya barua zinazoingia, tafuta kurasa zake. Tuseme unakuta safu ya namba ya jalada haina pengo hata moja, na kwamba kila barua iliyokuja bila namba ya kumbukumbu ameiandikia pembeni, kwa penseli, aliipeleka kwa nani na siku gani. Nenda kawaulize wanaotafuta barua kama kurasa hizo zimewafaa. Wakikuambia ndiyo, sentensi yako imekamilika: "Barua ikija bila kumbukumbu, wengi wetu huiweka kando tukisubiri mwenye nayo aulize. Yeye aliandika kwa penseli kila moja ilikokwenda. Mwezi uliopita ilipotafutwa barua ya aina hiyo, tulifungua ukurasa wake tukaipata palepale." Hapo hujamtaka asimame aseme neno, na hujataja ukimya wake, kana kwamba ni ugonjwa aliopona. Huo mfano ni wa kubuni. Wako utautoa kwenye kurasa zake mwenyewe.

Kuhusu yule hodari, hofu yako ni ya haki, lakini dawa si kumpunguzia. Agizo la mkuu wako lina neno moja litakalokuokoa: sifa *moja*. Kosa la kawaida ni kwamba tukifika kwa kijana tunayempenda tunaanza, "Huyu nikisema sifa zake hatutamaliza leo," kisha tunataja tano. Waliobaki hawakutukanwa, ila wamepimwa. Mpe moja kama wenzake, kwa urefu uleule. Tena usichague ile ambayo kila mtu anaijua. Kama anasifika kwa kasi, tafuta siku aliyopunguza kasi kwa ajili ya mwenzake, au alipokubali kwamba mpangilio alioupendekeza haukufaa akauondoa mwenyewe. Umahiri wake wote utausimulia kwa kirefu kwenye barua ya kumpendekeza, ambako una ukurasa mzima na hakuna wa kulinganishwa naye. Maneno "bora kuliko wote", "wa kwanza" na "nyota wetu" yasisikike kabisa.

Wale wengine wanne sina wasiwasi nao. Maneno uliyokwisha kuwaandikia yatakusaidia kama dira: aliyekuwa "mwepesi kujifunza" alijifunza nini, siku ya ngapi, na kwa namna gani mliona ameshajua? Jibu la swali hilo ndilo utakalolisoma. Wakitokea wawili wenye sifa inayofanana, usihangaike kutafuta jina jingine la sifa. Wape matukio mawili tofauti, watatofautika wenyewe.

Mpangilio wa kuwaita una uzito kuliko watu wanavyodhani. Wasikilizaji hukumbuka zaidi wa kwanza na wa mwisho, na wa katikati humezwa. Ukipanga kwa ubora, ukumbi utaligundua hilo ukifika wa tatu. Alfabeti ni salama, ingawa haina ladha. Mimi kwa masjala ningefuata njia ya karatasi: anza na aliyefanya kazi zaidi mahali barua zinapopokelewa, uende kwa wa rejista, wa majalada, wa kaunta, hadi wa ghala la kumbukumbu za zamani. Hivyo utambulisho unakuwa safari moja ya barua ndani ya ofisi, kila mmoja anasimama mahali pake, na hakuna atakayedhani kwamba wa saba ni wa mkia. Angalia tu kwamba mchelewaji hamfuati hodari moja kwa moja. Wakifuatana kwa sababu ya njia hiyo, badilisha nafasi moja, hakuna atakayekagua.

Urefu nao uwe sawa. Sekunde 45 kwa kila mmoja zinatosha, na kwa vijana saba hizo ni dakika tano na sekunde chache. Ukijumlisha kusimama, kupeana mikono na maneno yako ya kufungua, umefika dakika nane, na ofisi haijaanza kutazama saa. Soma kwa sauti nyumbani ukiwa na saa mkononi, kwa sababu sote tunajidanganya juu ya muda wa maneno yetu. Mmoja akipata sekunde 20 na mwingine dakika moja na nusu, umeshapanga madaraja bila kukusudia. Makofi yaombe yasubiri hadi wa saba. Yakipigwa kwa kila mmoja, yanageuka kura.

Na majina. Muulize kila kijana jina lake linavyotamkwa na lipi angependa liitwe siku hiyo, kisha uliandike kwa namna utakavyolitamka. Nimemwona msimamizi akitoa sentensi nzuri kabisa juu ya mtu huku akimwita kwa jina la mwenzake. Baada ya hapo hakuna aliyeikumbuka sentensi.

Huenda mtu akakushauri uwaachie vijana watajane sifa wenyewe kwa wenyewe. Njia hiyo ina uzuri wake. Wameonana mahali ambapo wewe hukuwapo. Lakini nimeiona ikigeuka mashindano ya utani, na rafiki wa watu hupata mengi kuliko asiye na kundi. Zaidi ya hayo, anayesubiri zamu yake ya kusema hasikii mwenzake anasema nini, kwa sababu anarudia ya kwake kichwani. Ukiipenda, itumie kabla: mpe kila kijana karatasi, aandike tukio moja alilomwona mwenzake akifanya, kisha wewe uchague na useme. Pia kuna suala la kuwaonyesha sentensi zao mapema. Baadhi ya wasimamizi wanapenda mshangao. Mimi nimeacha. Namsomea kila mmoja yake siku moja kabla, namwuliza mambo mawili tu: kuna kosa lolote? Kuna ambalo hungependa lisemwe? Hadi leo zaidi ya mmoja amenisahihisha tukio nililompa ambalo kumbe lilikuwa la mwenzake. Mshangao unaopotea hapo ni bei ndogo.

Swali hilo la pili lina sababu. Tunaposifu, tunapenda kuonyesha mtu alikotoka: amefiwa katikati ya mafunzo, anatoka katika familia isiyo na kitu, anaishi na ulemavu, ana mtoto mdogo, na bado amefanya vizuri. Nia ni njema, ila umetoa siri ya mtu kwa watu arobaini ili wewe upate hadithi. Jambo lolote la maisha yake nje ya kazi lisiingie bila ruhusa yake ya wazi, na hata akiruhusu, jiulize kama sentensi haisimami bila hilo. Mara nyingi inasimama. Vilevile usidokeze ajira. "Huyu tutamwona tena hapa" ni ahadi masikioni mwa kijana asiye na kazi, na kama huna mamlaka ya kuajiri, si neno lako.

Kuna mambo ambayo utambulisho hauyawezi na usiulazimishe. Kama kijana yeyote hatafaulu tathmini, au mkataba wake una mvutano, asijulishwe siku ya sherehe wala baada yake. Ajue kabla, faraghani, na mwalimu anayemsimamia kutoka chuoni awe amearifiwa. Kama kati yao kuna aliyelalamikia kunyanyaswa, au analalamikiwa yeye, usiandike sentensi yoyote juu yao kabla hujakaa ana kwa ana na afisa wa rasilimali watu, kwa kuwa sifa utakayoitoa hadharani inaweza kumfanya mlalamikaji aone kesi yake imeshaamuliwa. Na kama huo ugomvi wako na kijana ulifika mahali ambapo huwezi kumtazama usoni, mwombe mwenzako aliyefanya naye kazi amtambulishe yeye. Ili isionekane, gawaneni: yeye awatambulishe watatu, wewe wanne.

Ila nadhani hamjafika huko, kwa sababu usingeniuliza juu yake. Mwite kabla ya siku ya kuwaaga, dakika kumi zile zile unazowapa wengine. Yaliyo kwenye fomu muyamalize kwanza kama hamjayamaliza, fomu ifungwe, uiweke pembeni. Kisha mwulize kazi gani angependa watu waijue. Akikujibu "sijui", nyamaza kidogo usimsaidie kujibu. Kalamu iwe mkononi mwako.